Mteja alipe kwa msimbo, boda asibebe pesa

(Mazungumzo na wenye maduka, wahudumu wa bodaboda na wateja wa Ntimaru)



Wengi wetu hapa Ntimaru tunaagiza bidhaa kutoka Kehancha au Isebania na kulipa mzigo ukifika. Tunapenda hivyo kwa sababu mteja anaona bidhaa kabla ya kutoa pesa. Lakini tabu inaangukia kijana wa boda. Anakosa chenji, anarudi jioni na maelfu ya watu wengine mfukoni, na pesa zikipungua yeye ndiye anayeulizwa.

Leo nataka tuone jinsi mteja anavyoweza kuukagua mzigo kwanza na kulipa papo hapo, bila boda kushika noti.

Chukulia mtu wa Ntimaru ameagiza betri ya sola kutoka duka la Kehancha. Bei ni shilingi 4,800 na usafiri ni 250, jumla 5,050. Mwenye duka ana namba ya tili ya Lipa na M-Pesa. Anampa boda kadi iliyochapishwa jina la duka, namba hiyo ya tili, na msimbo wa QR, ile picha ya mraba yenye vidoti vyeusi. Msimbo ni wa duka, si wa boda. Hapo ndipo penye usalama wote, kwa kuwa pesa zinakwenda moja kwa moja dukani.

Boda akifika, mteja afungue boksi na aikague betri. Akiridhika, mwenye simu janja aliye na programu ya M-Pesa ataskani msimbo. Mwenye simu ya kawaida asijione ameachwa. Aingie menyu ya M-Pesa, achague `Lipa na M-Pesa`, kisha `Buy Goods and Services`, aandike namba ya tili, halafu kiasi. Kwa njia hii ya tili mteja hakatwi ada. Ada inayotozwa ni juu ya mwenye duka, kwa hiyo aihesabu anapopanga bei.

Kabla ya kuthibitisha malipo, mteja asome jina na kiasi. Jina likiwa si la duka aliloagiza, asimamishe hapo na apige simu dukani. Kuna walaghai wanaobandika msimbo wao juu ya msimbo wa duka, na kwa macho misimbo yote inafanana. Jina ndilo linalowafichua. Kiasi nacho kiangaliwe, maana msimbo uliochapishwa kwenye kadi haujui bei ya betri. Mteja ndiye anayeiandika, na ni rahisi kuandika 505 badala ya 5,050.

Sasa nyinyi wa boda, sikilizeni hapa. Msiachilie mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa M-Pesa unaweza kuandikwa na mtu yeyote au kuhaririwa kutoka ule wa zamani. Ujumbe unaohesabika ni ule uliofika dukani. Mpigie mwenye duka, msomee herufi na tarakimu kumi za mwanzo wa ujumbe wa mteja, naye aangalie kama amepokea namba hiyo hiyo na shilingi 5,050 kamili. Akisema imeingia, toa betri, mteja atie sahihi risiti.

Kwa hiyo njia hii inamtaka mwenye duka awe karibu na simu inayopokea ujumbe wa tili. Kama huwa unaizima mchana, usitume mzigo kwa mpango huu.

Na mtandao ukikatika? Mteja asilipe mara ya pili kwa sababu tu ujumbe umechelewa. Aangalie salio lake kwanza kupitia `*334#`. Kama pesa zimetoka na duka halijazipata, boda asubiri, au arudi na mzigo hadi duka lithibitishe. Kungoja robo saa ni nafuu kuliko kulipia betri ya mtu.

Jambo la mwisho ni nauli. Kwa kuwa zile 250 zimeingia kwenye tili pamoja na bei ya betri, zimo mikononi mwa mwenye duka. Kubalianeni kabla ya safari zitalipwa lini, na boda aandike kwenye daftari namba ya kila malipo aliyosimamia. Jioni daftari hilo likilinganishwa na ujumbe wa duka, kila safari itaonekana, na boda atadai jasho lake bila mabishano.