Mvua ya Bukavu na chanuo la moto

Leo nasema na mama zangu na dada zangu wanaochoma nywele, na hasa wasusi wanaoshika chanuo la moto kila Jumamosi. Kuna jambo moja tunalolisifia katika saluni zetu, kumbe ni madhara.

Mnalijua vizuri. Dada anachomwa nywele Jumamosi jioni. Zinanyooka, zinang'aa, zinamfika mabegani. Jumapili akitoka misa mvua inamkuta njiani, na kabla hajafika nyumbani kichwa kimeshajikunja. Jumatatu analalamika kwamba hakuchomwa vizuri. Msusi, kwa kumtunza mteja wake, safari ijayo anaacha chanuo juu ya mbabula muda mrefu zaidi, na kila fungu la nywele analipitia mara nne badala ya mbili. Miezi inapita. Siku moja mvua inanyesha, na nywele za mbele hazijikunji tena. Dada anafurahi, anasema sasa nywele zake zimekubali.

Hazikukubali. Zimeungua zikiwa kichwani, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Ndani yake kuna vifungo vya aina nyingi, lakini viwili vinatuhusu. Vya kwanza ni dhaifu, vinafunguliwa na maji au joto, kisha vinajifunga upya unywele ukikauka au ukipoa. Ndivyo chanuo linavyofanya kazi: joto linavifungua, chuma kinanyoosha, unywele unapoa ukiwa umenyooka, vifungo vinashika hapo. Vya pili ni vigumu, na ndivyo vinavyoshikilia mkunjo uliozaliwa nao. Chanuo linalotumika inavyopaswa haliviharibu. Kwa hiyo maji yakifika, iwe mvua, jasho au ukungu wa asubuhi kutoka ziwani, vile dhaifu vinafunguka na mkunjo wa kuzaliwa unarudi. Ni lazima urudi. Unywele uliochomwa kwa nyuzi 150 utajikunja ukilowa, na uliochomwa kwa nyuzi 180 utajikunja vilevile. Hakuna kiwango cha joto kinachoshinda mvua na kuuacha unywele mzima. Ukiona maji hayarudishi mkunjo, joto limefika kwenye keratini yenyewe na kuibadilisha umbo, na hiyo hairudi kwa mafuta wala kwa yai wala kwa parachichi.

Basi joto gani linatosha? Kwa nywele nene za kipilipili zenye afya, kati ya nyuzi 150 na 180 panatosha. Nywele nyembamba, zilizotiwa rangi au zilizokwisha dhoofu zibaki chini ya 150. Zilizolainishwa kwa dawa zisiguswe kabisa na chanuo. Ukivuka nyuzi 200 unaharibu, na karibu na 230 keratini kavu huanza kuyeyuka.

Tatizo letu ni kwamba mbabula haina kipimajoto. Chanuo la umeme lenye namba ni zuri, lakini umeme wa SNEL unakatika bila kutuuliza, na hapo msusi anarudi kwenye makala. Simlaumu. Chuma juu ya makala yaliyoshika vizuri kinaweza kupita nyuzi 300 bila kuwa chekundu hata kidogo, kwa hiyo jicho halitoshi. Wengine hupima kwa kudondosha tone la maji na kusikiliza likilia. Kipimo hicho kinadanganya. Hapa petu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1500, maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi, kwa hiyo tone linalia kwenye chuma chochote kilichozidi hapo, kiwe cha kufaa au cha kuunguza.

Kipimo kinachofaa ni karatasi nyeupe nyembamba, ile ya msalani isiyo na rangi. Toa chanuo motoni, lifute kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo ili masizi na mafuta yaliyoungua yatoke, kisha libane ndani ya karatasi na uhesabu polepole hadi tano. Karatasi ikibaki nyeupe, endelea. Ikigeuka manjano au kahawia, au ikitoa harufu ya kuungua, lishikilie hewani, subiri, upime tena kwa karatasi mpya. Msusi akisema hana muda wa kufanya hivyo, mteja ana haki ya kuinuka kwenye kiti.

Halafu kuna maji yaliyojificha. Nywele nene zinakauka juu zikiwa bado mbichi kwenye mizizi, na katika miezi yetu ya mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, zinaweza kuchukua usiku mzima. Chuma cha moto kikikutana na maji hayo, yanachemka ndani ya unywele, yanageuka mvuke, na mvuke unapasua vijishimo kama mapovu. Hilo halihitaji hata joto kali sana: nyuzi 125 zikishikizwa mahali pamoja kwa dakika nzima zimeonekana kufanya hivyo. Ukisikia chanuo linalia "chiii" likipita kwenye nywele, acha. Wengi wanadhani ni mafuta yanayolia. Nywele zilizokauka na kupakwa mafuta kidogo hazilii.

Sasa tumchukue dada mmoja wa Kadutu, nywele zake nene, hazijawahi kutiwa dawa, urefu wa sentimita 15 zikivutwa, na harusi ya dada yake ni Jumamosi. Alhamisi aoshe na kupaka kondishona. Zikiwa na unyevu bado, azifunge uzi, kama mama zetu walivyotufunga tukiwa watoto, alale nazo, na Ijumaa abaki nazo. Uzi unafanya nusu ya kazi ya chanuo bila moto wowote. Jumamosi asubuhi nywele ni kavu hadi mizizini na zimeshanyooka kiasi. Zipakwe mafuta kidogo sana, ya kung'arisha tu, kwa sababu vazelini nyingi haikingi joto, na ikiyeyuka itatiririka hadi kwenye ngozi. Zigawanywe mafungu membamba yasiyozidi unene wa kidole. Chanuo liingie sentimita moja au zaidi kutoka kwenye ngozi, kisha mkono uzungushwe taratibu ili mgongo wa chanuo ugandamize nywele, maana meno yanatenganisha tu, mgongo ndio unaonyoosha. Literemke bila kusimama, mara moja upande wa juu, mara moja upande wa chini. Nywele zitanyooka zaidi ya nusu, zitakuwa na ujazo, zitasukika vyovyote apendavyo. Hazitalala kabisa kama za bandia, na wala hakuna haja zilale.

Swali linalofuata ni mara ngapi. Madaktari wa ngozi wa Marekani, wanaohudumia wanawake wengi wenye nywele kama zetu, wanashauri isizidi mara moja kwa wiki, na hapo wanazungumzia kifaa chenye kipimajoto. Kwa chanuo la mbabula mimi nasema mara moja kwa mwezi, na nitaeleza sababu. Nywele zetu hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi. Tukisema sentimita 0.8, ncha ya unywele wa sentimita 15 ina umri wa miezi kama 19. Dada anayechoma kila Jumamosi, fungu likipitiwa mara tatu, ncha yake imeshapitiwa na chuma cha moto karibu mara 240. Anayechoma mara moja kwa mwezi, mapito mawili, hajafika hata mara 40. Ncha hiyo haina damu wala uhai wa kujiponya; kila pito linaongezeka juu ya yaliyotangulia. Na ule mtindo wa kugusa mizizi katikati ya wiki kwa sababu mvua ilinyesha ndio unaoua wengi. Mvua ikinyesha, funga uzi usiku, au suka. Usirudi motoni.

Dalili za madhara tuziangalie nyumbani, kwenye mwanga wa dirisha. Ya kwanza nimeshaitaja. Chota maji kwenye bakuli, tumbukiza nywele chache za mbele na chache za kisogoni. Zile za kisogoni zikijikunja na za mbele zikabaki zimelegea, za mbele zimeungua. Ya pili: vuta unywele mmoja kati ya vidole, utazame. Ukiona vinukta vyeupe njiani kama vifundo vidogo, pale ndipo umevunjika nyuzinyuzi ndani, na pale ndipo utakatika. Ya tatu ni vipande vifupi kwenye mabega na kwenye chanuo. Unywele uliodondoka wenyewe kutoka mzizini huwa na kichwa cheupe upande mmoja, uliokatika hauna. Ndiyo maana wengi hulalamika kwamba nywele zao hazikui, kumbe zinakua kila mwezi, ila zinakatika chini kwa kasi ileile. Tiba yake ni mkasi na muda: kata sehemu iliyoungua, kidogo kidogo ukipenda, na uache moto kwa miezi.

Hayo yote ni ya unywele, na unywele huota tena. Ya ngozi ni mengine. Mwaka 1968 madaktari watatu wa Marekani waliandika juu ya wanawake weusi waliopoteza nywele utosini, na wakaulaumu mtindo wa chanuo la moto, kwamba mafuta yaliyochemka yanateremka na kuunguza mashina. Baadaye ilionekana kwamba maelezo hayo hayatoshi: wapo wenye ugonjwa huo waliochoma kidogo sana, na mwaka 2019 watafiti walipata kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kuna kasoro ya kurithi katika jeni mojawapo. Kwa hiyo, mama zangu, anayekuambia kwamba kila utosi mwembamba ni kosa la chanuo hasemi kweli. Lakini moto na mafuta ya kuchemka juu ya ngozi iliyokwisha kuumwa havina faida yoyote.

Ukihisi utosi unawasha, unauma ukiguswa au unawaka, ukiona nywele zinapungua kuanzia katikati na kusambaa pembeni, na ngozi inaanza kuwa laini na kung'aa, chanuo liache siku hiyohiyo na umwone daktari. Usizunguke sokoni kutafuta mafuta ya kuotesha. Ugonjwa huu ukishikwa mapema unaweza kuzuiwa usiendelee, lakini mahali ambapo kovu limeshafunga shina, unywele hauoti tena.