Insha Mbili Mezani

Leo tunaanzia Wisconsin, Marekani, mwaka 1912. Watafiti wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, walichukua karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza zilizoandikwa na wanafunzi wa sekondari, wakazitolea nakala na kuzisambaza mashuleni. Waliomba jambo moja tu: mwalimu wa somo azisahihishe kama anavyosahihisha siku zote. Majibu 142 yalirudi. Karatasi ya kwanza kuna aliyeipa alama 64 na kuna aliyeipa 98. Ya pili ilianzia 50 ikafika 97. Ni karatasi ileile, maneno yaleyale. Kuna waliodhani lawama ni ya somo la lugha, basi mwaka uliofuata watafiti hao wakajaribu jiometri. Hapo tofauti ilizidi kuwa kubwa.

Tangu hapo, dawa iliyozoeleka imekuwa kumwekea msahihishaji mwongozo mrefu zaidi: hoja alama kadhaa, sarufi kadhaa, mtiririko kadhaa. Lakini njia nyingine ilikwisha kupatikana, na haikutoka darasani.

Mwaka 1927, katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanasaikolojia Louis Leon Thurstone aliwapa wanafunzi 266 orodha ya makosa 19, kuanzia uzururaji hadi mauaji. Hakuwauliza kila kosa lina uzito gani kwa mia. Aliyapanga mawili mawili, jozi 171 kwa jumla, na kwa kila jozi akauliza: lipi zito zaidi? Kughushi hati au kula kiapo cha uongo? Wizi au kumchafulia mtu jina?

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo ulipo ugunduzi wenyewe. Wanafunzi hawakukubaliana, na Thurstone hakuona hilo kuwa kasoro. Aliona kwamba kutokubaliana kwao ndicho kipimo. Watu wote wakisema mauaji ni mazito kuliko uzururaji, umejua lililo juu na lililo chini, basi. Umbali uliopo kati ya makosa hayo hujaujua. Lakini kati ya watu mia, 55 wakichagua hili na 45 lile, makosa hayo yamekaribiana sana. Wakiwa 90 kwa 10, yameachana mbali. Ukikusanya umbali wa jozi zote, unapata mstari mmoja ambao kila kosa lina mahali pake, ingawa hakuna hata mtu mmoja aliyetaja alama. Kanuni hiyo aliichapisha mwaka huohuo.

Kuifikisha kwenye insha kulichukua miaka mingi. Uingereza, miaka ya 1990, Alastair Pollitt na wenzake waliitumia kulinganisha viwango vya bodi mbalimbali za mitihani, na mwaka 2004, katika mkutano uliofanyika Philadelphia, Pollitt alipendekeza waziwazi kwamba tuache kusahihisha kwa alama.

Tuseme kuna insha 30 za kulinganishwa mbili mbili. Ukitaka kila moja ikutane na kila nyingine, jozi ni 435, kazi ya kuchosha. Kwa hiyo kila insha hukutanishwa na nyingine kumi tu, na jozi zinakuwa 150. Walimu kumi wakigawana, kila mmoja anaamua jozi 15. Anasoma mbili, anachagua iliyo bora, anaendelea.

Sasa chukua insha mbili ambazo kila moja imeshinda mara sita katika kumi. Je, ziko sawa? La. Ya kwanza imezishinda insha ambazo nazo huzishinda nyingine. Ya pili imezishinda zile zinazoshindwa na karibu kila insha. Hesabu huangalia nani kamshinda nani, na ya kwanza hupanda juu. Hesabu hiyohiyo humfichua mwamuzi: mwalimu anayechagua mara kwa mara insha ya chini mbele ya ile ambayo wenzake wameiweka juu sana huonekana, labda anavutwa na mwandiko mzuri au urefu.

Wapo waliojaribu kupunguza kazi zaidi kwa kuiachia kompyuta ikutanishe insha zinazoelekea kulingana. Mwaka 2015 Tom Bramley wa Cambridge alionyesha hatari yake. Alitengeneza maamuzi ya kubahatisha matupu, kama ya kurusha sarafu, na bado kipimo kinachoonyesha matokeo yanaaminika kiasi gani kikatoka juu. Tangu hapo, ninavyoona mimi, anayetaja kipimo hicho anapaswa kwanza kusema jozi zake zilipangwaje.

Tena mstari huo hausemi nani amefaulu. Insha zote 30 zinaweza kuwa dhaifu, na bado moja itakuwa ya kwanza. Ndiyo maana huchanganywa humo insha chache ambazo daraja lake lilikwisha kujulikana, bila waamuzi kuambiwa ni zipi. Zikishapata mahali pake kwenye mstari, ndipo unapochorwa mpaka wa kufaulu, na insha mpya husomwa kwa kutazama zimeangukia upande upi.