Mstari Chini ya Jina Lako

Tuseme uko Voi, unafasiri Kiingereza kwa Kiswahili, na fomu za utafiti wa hospitali ndizo unazozimudu. Kwenye LinkedIn, chini ya jina lako, umeandika: "Passionate linguist and bridge between cultures". Maneno hayo yanapendeza, lakini nani huyatafuta? Mtu wa wakala wa tafsiri aliyepokea kazi asubuhi huandika lugha mbili na neno translator. Kwako hayapo.

Jaribu hivi:

```
English to Swahili Translator | Medical, Clinical Research | Taita/Dawida | Kenya
```

Lugha zimetangulia kwa sababu kwenye orodha ya matokeo mstari mrefu hukatwa, ingawa LinkedIn inakuruhusu herufi 220. Andika Swahili, maana mteja wa ng'ambo mara nyingi hatumii neno Kiswahili. Kidawida, kama nacho unakifasiri, kina majina mawili: sisi twasema Kidawida, wengine Taita. Weka yote mawili. Kisagalla kina jina lake, Sagalla, na msimbo wake wa kimataifa ni tga; wa Kidawida ni dav. Misimbo hiyo iache kwenye maelezo ya chini, kwenye mstari huu inakula nafasi.

Usiandike lugha usiyoweza kuifasiri kwa maandishi. Kuongea sokoni Mwatate si kuandika fomu ya mgonjwa, na jaribio la wakala litakuumbua.

Baada ya siku chache, azima simu ya mwenzako, utafute kwenye LinkedIn "Swahili translator medical Kenya". Usipojiona, angalia kwanza kama maneno hayo yamo pia kwenye maelezo ya kazi zako.