Kuomba Kalvati Si Uchochezi



Yaliyosemwa kwenye kikao cha wiki hii mmeyasikia katika taarifa zetu za habari, na sauti mmeisikia wenyewe. Kijiji kimoja hapa bonde la Kilombero kilimwandikia diwani wake barua ya kuomba barabara irekebishwe. Jibu lake kutoka meza kuu lilikuwa fupi: greda lilipita kabla ya masika, na walioandika barua hiyo wamechochewa.

Hilo neno la pili ndilo linalotunyima usingizi. Kijiji kimekaa kwenye mkutano wake mkuu, kimejadili, kimeandika muhtasari, mwenyekiti na mtendaji wametia saini, barua imegongwa muhuri. Huo nao ni uchochezi? Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Barabara ya kupitishia mpunga wake inamhusu. Kalvati lililoziba linamhusu. Kuomba kalvati si uchochezi.

Nakala ya barua hiyo imefika hapa kituoni, na tumeisoma yote, kurasa mbili. Tunataka kuizungumzia, kwa sababu barua za aina hii ni chache. Haikuanza kwa kumtaka mheshimiwa ahusike na kichwa cha habari hapo juu, wala haikuomba kutazamwa kwa jicho la huruma. Imeanza na barabara yenyewe: inaanzia wapi, inaishia wapi, na masika ya mwaka huu magari yalikwama mahali gani.

Barabara ina urefu wa kilomita saba, kutoka kijijini mpaka barabara kuu. Barua haikusema kwamba kilomita zote saba ni mbovu. Imetaja sehemu tatu tu. Ya kwanza ni kwenye mkondo wa maji, palipo na kalvati la mstari mmoja wa sentimita 60 lililojaa mchanga, na maji yasipopata njia chini hupita juu na kuondoka na tuta. Ya pili ni mita mia tatu za udongo mweusi wa mbugani, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao Fuso likiingia halitoki. Ya tatu ni mteremko wa karibu na shule, mita mia mbili, ambako maji hayana mtaro na hivyo yameifanya barabara kuwa ndiyo mtaro. Ukijumlisha na mita mia moja za kuinua tuta pande zote mbili za kalvati, unapata mita mia sita.

Sikilizeni sasa kwa nini hesabu hiyo ni ya busara. Barabara ya upana wa mita tano ukiimwagia changarawe ya unene wa sentimita 15, kila mita moja ya urefu inakula robo tatu ya meta ya ujazo. Kilomita saba zote zinataka meta za ujazo 5,250, yaani tripu 525 za lori la meta kumi. Mita mia sita zinataka meta 450, yaani tripu 45. Hizo ni kabla ya kuongeza changarawe ya kufidia kushindiliwa. Kijiji kingeweza kuomba tripu 525 na kungoja miaka. Kimeomba 45, na kalvati, na mtaro. Hayo mafundi wa barabara wanayaita matengenezo ya sehemu korofi, na yamo katika mipango ya kila mwaka. Hakuna aliyeomba lami.

Wakajibiwa kwamba greda lilipita.

Wasikilizaji wetu wa muda mrefu mnajua kwamba kituo hiki kimelisema jambo hili mara nyingi, na leo tunalisema tena. Greda bila mtaro si matengenezo. Barabara ya changarawe inataka mgongo. Katikati pawe juu kuliko pembeni, kwa barabara ya mita tano angalau sentimita 12 hivi, ili tone la mvua likianguka litelemke upande. Likishatelemka linataka mtaro wa kulipokea, na mtaro unataka mahali pa kuyatolea maji, shambani au kwenye kalvati. Kimoja kikikosekana vyote vimekosekana. Greda lisilochonga mgongo wala mtaro linasogeza udongo laini kutoka pembeni na kuutandaza katikati. Siku ya kwanza barabara inapendeza na picha zinapigwa. Mvua ya kwanza inalegeza ule udongo, ya pili inauchukua, na mwezi wa nne hakuna anayeweza kuonyesha greda lilipita wapi. Barua inasema hivyo hivyo kwa maneno yake: greda lilipita, mtaro haukuchimbwa, kalvati halikuzibuliwa. Hawakukana kazi iliyofanyika. Walieleza kilichobaki.

Namna ya kupima haihitaji mhandisi. Nenda barabarani mvua ikikatika. Ukikuta madimbwi katikati, hakuna mgongo. Ukikuta maji yanatembea kwenye njia za magurudumu, hakuna mtaro. Ukikuta mchanga umelala juu ya kalvati, maji yamepita juu, na kalvati ama limeziba ama ni dogo. Kijiji hiki kilipima hivyo, kikapiga picha wakati wa masika, kikaziambatisha. Kisha kikaambiwa kimechochewa.

Tunatambua mipaka ya diwani, na barua nayo imeitambua. Tangu mwaka 2017, barabara za wilaya, za vijijini na mijini, ziko chini ya TARURA, na diwani hana greda wala mfuko wa kulipa mkandarasi. Ndiyo maana barua haikumwomba atengeneze barabara. Imemwomba mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wake. Alifikishe ombi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake, na kulisemea katika Baraza la Madiwani. Aje na mhandisi waitembee barabara kwa miguu pamoja na wazee wa kijiji. Na awajibu kwa maandishi, akiwaeleza kama barabara hiyo imo katika orodha ya barabara zinazohudumiwa. Ombi hili la mwisho ni zito kuliko linavyosikika, kwa maana barabara isiyosajiliwa kwenye mtandao wa wilaya haitengewi fedha, hata ikiwa imetumika tangu enzi za babu zetu. Kijiji kinaweza kuomba matengenezo miaka na miaka, kumbe kilichopaswa kutangulia ni kuomba usajili.

Heshima ya barua hiyo tumeiona hapo. Hakuna tusi, hakuna kutishia kura, hakuna kumkumbusha mheshimiwa ahadi za kampeni. Na uthabiti wake tumeuona pia: barua imetaja siku ya kutarajia jibu, na imeorodhesha nakala, kwa meneja wa TARURA wa wilaya, kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mkuu wa wilaya. Kijiji kimesema kitatoa nini: eneo la kuchimba changarawe bila fidia, kwa ridhaa ya mkutano, na nguvu kazi ya kuzibua mitaro kila baada ya mvua kubwa. Anayeomba huku ameshika jembe mkononi anajibiwa vipi kwamba amechochewa?

Na asiseme mtu kwamba wananchi wanaomba cha bure. Tangu mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli imeongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kijana wa bodaboda anayenunua mafuta ya chupa pale kijijini anaichangia. Mwenye Fuso anaichangia, na anairudisha kwa mkulima kwa kupunguza bei ya gunia. Lori lisipofika, gunia linabebwa kwa pikipiki mpaka barabara kuu, na nauli hiyo nayo inatoka kwenye mpunga ule ule. Mkulima analipia barabara kwenye mafuta, kisha analipia ubovu wake kwenye gunia. Kwa kulipa mara mbili amepata haki ya kuuliza mara moja.

Jambo jingine ni majira. Vijiji vingi huandika barua mwezi wa nne, matope yakiwa magotini. Wakati huo kilichopo ni fedha za dharura, na zinapelekwa kwanza kwenye madaraja yaliyokatika. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vipaumbele vya mwaka unaofuata vinapangwa miezi mingi kabla. Ushahidi ukusanywe masika, barua ipelekwe kiangazi. Kijiji hiki kimefanya hivyo. Mpunga umevunwa, barabara imekauka, na bado kuna nafasi ya kuliingiza ombi katika mpango. Nafasi hiyo ikipita kwa sababu ya maneno ya kikao kimoja, masika yanayokuja yatakuta mchanga ule ule, kalvati lile lile, na greda litakuwa limepita tena bila mtaro.

Mheshimiwa diwani, tunakuheshimu, na tunakuomba mbele ya wasikilizaji wako: neno lile liondoe. Mtu akiitwa mchochezi kwa kuandika barua, jirani yake hataandika. Vijiji vikinyamaza, wewe utajuaje kalvati lipi limeziba? Barua ile ni msaada kwako. Imekupimia barabara, imekuhesabia mita, imekupa picha, imekupa eneo la changarawe. Ichukue uende nayo kwenye Baraza. Mwite mhandisi. Tembeeni kilomita saba zile kwa miguu, msizipite kwa gari lililofungwa vioo. Mkifika kwenye mkondo, chungulieni ndani ya kalvati.

Nanyi wananchi wa kijiji kile, msirudi nyuma. Jibu la maandishi bado hamjapewa, na jibu la kikaoni halihesabiki. Siku mliyoitaja ikifika, mwenyekiti aende na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, aulize kwa adabu, na aulize tena. Mliahidi kuzibua mitaro: anzeni sasa, msingoje greda. Vijiji vingine mnaotusikiliza, pimeni barabara zenu, itisheni mikutano yenu, andikeni. Tajeni sehemu korofi, tajeni mita, ombeni mtaro kabla ya greda. Andikeni kwa heshima, wekeni muhuri, tunzeni nakala. Na kiongozi yeyote atakayesema greda lilipita, mwulizeni bila woga: mtaro uko wapi?

Hayo ndiyo maoni ya redio yetu kwa wiki hii.