Kobalti: kuuza kidogo, kupata zaidi

Tangu Oktoba 2025 Kongo inauza kobalti nje kwa viwango. Kwa mwaka 2026 ni tani 96,600. Wasikilizaji wetu wanauliza: kupunguza mauzo kunaletaje faida?

Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, hivyo tukiongeza mzigo, bei inashuka kwa tani zote. Tuchukue mfano wa kubuni: bei ya tani ni dola 40,000 kutoa sehemu ya kumi ya idadi ya tani, na kila tani hugharimu dola 10,000. Kwa kuwa tani ya nyongeza hushusha bei ya tani zote, yenyewe huingiza dola 40,000 kutoa sehemu ya tano ya idadi. Mapato hayo yanalingana na gharama kwenye tani 150,000, ambapo faida ni dola bilioni 2.25.

Je, hicho ni kilele? Kwa tani 100,000 tunapata bilioni 2. Kwa 200,000 tunapata bilioni 2 vilevile, ingawa jasho ni maradufu. Kabla ya 150,000 kila tani huongeza faida. Baada yake huipunguza.

Ugumu wa kweli ni huu: kobalti yetu nyingi hutoka pamoja na shaba. Shaba ikiendelea kuchimbwa, kobalti isiyouzwa hujaa ghalani, huku Indonesia ikiuza yake.