Mhudumu wa Kisima Anapoondoka: Kuandaa Wasilisho la Kukabidhi Kazi

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa kamati za miradi ya maji ya jamii)



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia mwenzetu anayeondoka kazini aandae wasilisho la kukabidhi kazi. Nitatumia mfano wa mradi mmoja ambao mhudumu wake anastaafu baada ya miaka mingi, nafasi yake ikichukuliwa na vijana wawili. Sitautaja mradi wenyewe. Mradi huo una pampu ya stima iliyozamishwa kisimani, tangi la lita 48,000 juu ya kilima, vioski vinne na nyumba kadhaa zenye mita. Wengi wenu mna mradi wa namna hiyo.

Mzee huyo alipoambiwa aandae wasilisho, aliandika kurasa tatu kuhusu historia ya mradi: nani alichimba kisima, nani alikizindua. Ni mambo mazuri, lakini hayamsaidii kijana aliye peke yake saa kumi na moja alfajiri mbele ya pampu isiyowaka. Kwa hivyo tuliyaweka kando, tukaanza na swali moja: ni jambo gani likitokea unaacha chakula mezani na kukimbia kisimani?

Mzee alijibu bila kufikiri. Tangi likichelewa kujaa.

Hapo ndipo wasilisho lilipoanzia. Pampu yake husukuma lita 8,000 kwa saa, yaani uniti 8 kwenye mita. Tangi tupu hujaa kwa saa sita. Hesabu hiyo haikuwa imeandikwa mahali popote. Ilikuwa kichwani mwake tu. Nikamuuliza: siku likichukua saa saba na nusu, unafanya nini? Akasema anaenda kwanza kwenye mita iliyo mdomoni mwa kisima, akiwa amefunga vali ya kutoa maji tangini ili pasiwe na mtu anayeteka wakati wa kupima. Mita hiyo ikionyesha bado zinapita uniti 8 kila saa, pampu ni nzima. Kwa saa saba na nusu zimetoka uniti 60, na tangi limepokea 48. Uniti 12 zimepotelea njiani, kwa hivyo anachukua jembe na kuufuata mkondo wa bomba akitafuta udongo uliolowa. Lakini mita ikionyesha uniti sita na kitu kwa saa, shida iko ndani ya kisima, na jembe halitasaidia. Hapo anaita fundi wa pampu.

Mnaona tofauti? Mtu asiyejua hili huita fundi kila mara, na pampu inaweza kung'olewa bure, kwa gharama kubwa, kumbe bomba limepasuka nyuma ya shule. Slaidi hiyo moja ina thamani kuliko zile kurasa tatu.

Slaidi ya pili ilikuwa picha ya paneli ya stima siku ambayo kila kitu ni sawa. Mshale wa ampea unasimama kati ya 12 na 13. Chini ya picha tuliandika sentensi mbili tu. Mshale ukishuka ghafla na maji yakipungua, huenda kiwango cha maji kimefika kwenye pampu: zima, subiri maji yarudi. Mshale ukipanda kupita kawaida, zima na uite fundi, usijaribu kuwasha tena na tena. Nawasihi mpige picha mambo yakiwa sawa. Watu wengi hupiga picha ya kitu kilichoharibika, halafu mgeni hana cha kulinganisha nacho.

Ya tatu ilitoka barabarani. Tulitembea na mzee kutoka kisimani hadi kioski cha mwisho, nami nikiwa na kalamu na simu. Ofisini alikuwa amesema mkondo una vali tano. Tulipotembea tulikuta saba, mbili zimefunikwa na nyasi. Moja hufungwa kwa kuzungushwa kushoto, kinyume na zingine zote. Vali ya kuelekea bondeni lazima ifunguliwe polepole sana, kwa sababu ikifunguliwa kwa pupa maji hugonga bomba na kulipasua mahali lilipoungwa. Hakuna lolote kati ya hayo angelikumbuka akiwa ameketi kitini. Kwangu mimi, wasilisho lililoandaliwa mezani pekee ni nusu ya kazi.

Kisha kuna mambo ya karatasi na simu, ambayo kwa kweli ndiyo huangusha miradi kimyakimya. Ujumbe wa bili ya stima ulikuwa ukifika kwenye laini ya simu ya mzee. Nambari ya M-Pesa ya kulipia maji iliandikishwa kwa jina lake. Yeye ni mmoja wa wanaotia sahihi benki. Kibali cha kutumia maji kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji kina tarehe ya kuisha, na nakala ilikuwa nyumbani kwake. Mambo haya hayahamishwi kwa kuyataja tu. Kila moja liwe na jina la atakayelipokea na tarehe ya kulibadilisha, na mengi yanahitaji mwenyewe afike akiwa na kitambulisho. Anzeni mwezi mmoja kabla, si Ijumaa ya mwisho. Nambari za siri zisiwekwe kwenye slaidi hata kidogo. Zibadilishwe siku ya makabidhiano. Majina ya wanaodaiwa yabaki kwenye daftari la kamati, yasioneshwe ukutani mbele ya majirani.

Wasilisho zima lilikuwa na slaidi kumi na moja. Lingekuwa na arobaini vijana wangesinzia. Mwisho wake ulikuwa orodha fupi ya kazi ambazo hazijaisha: mita ya kioski cha tatu iliyokwama, fundi aliyelipwa nusu, jirani aliyeruhusu bomba lipite shambani kwake kwa makubaliano ya mdomo. Hilo la jirani mzee alisita kulisema, kwa kuwa aliona ni la kwake binafsi. Lakini kijana mpya akifika na jembe bila kulijua, atafukuzwa.

Siku yenyewe tulizungumza dakika arobaini, kisha tukaenda kisimani. Huko mzee alipewa sharti moja: mikono mifukoni. Vijana ndio waliowasha pampu, wakasoma mita, wakafunga ile vali ya kushoto. Kila waliposimama na kumtazama, tuliandika. Walisimama mara nne. Mara mojawapo ilikuwa baada ya kuzima pampu: hawakujua wangoje dakika ngapi kabla ya kuiwasha tena. Mzee hungoja kumi, na wasilisho halikuwa na neno kuhusu hilo. Likaongezwa.

Nakala zilichapishwa, zikafunikwa kwa plastiki, zikabandikwa ndani ya nyumba ya pampu, kwa sababu simu hupotea na kompyuta ya ofisi haiko kisimani. Pia kamati ilikubaliana na mzee kwamba vijana wanaweza kumpigia kwa miezi miwili, na kila swali watakalompigia liandikwe kwa kalamu pembeni mwa nakala hiyo pamoja na jibu lake.