Vitabu Hivi, Si Vitabu Hii



Leo tuzungumze juu ya neno dogo, "hii". Wengi wetu tunaandika "vitabu hii". Kosa hili laweza kumpoteza anayesoma barua yetu.

Tuseme katibu wa ushirika amepokea mifuko ya mbegu pamoja na vitabu vya risiti. Vitabu vimelowa. Anamwandikia mtunza ghala: "Tumepokea mifuko na vitabu. Hii imelowa, tunairudisha." Je, mtunza ghala ataelewa nini? Ataelewa mifuko ndiyo iliyolowa, maana tunasema mfuko huu, mifuko hii. Atatayarisha mbegu nyingine, kumbe zilizoharibika ni risiti!

Katibu angeandika hivi: "Hivi vimelowa, tunavirudisha." Hapo hakuna shaka, ni vitabu.

Sasa tufanyeje? Tutazame mwanzo wa jina. Kikiwa kimoja, tunaona ki: kitabu hiki kimelowa. Vikiwa vingi, tunaona vi: vitabu hivi vimelowa. Ile vi ya vitabu inarudi katika hivi, na tena katika vimelowa. Vyombo navyo ni hivyo hivyo: vyombo hivi vimevunjika.

Lakini tuangalie majina ya watu. Viongozi huanza na vi, ila ni watu. Kwa hiyo tunaandika: viongozi hawa wamefika.

Basi, kabla ya kufunga barua, tuweke kidole kwenye kila "hii" tuliyoandika. Tujiulize: hii ni nini? Jibu likiwa vitabu, tufute, tuandike hivi.